Pilsna na helesi: rangi moja, uchungu mbalimbali

Agiza pilsna na helesi katika baa ya Munich, Ujerumani, na utaletewa glasi mbili ambazo macho hayawezi kuzitenganisha. Zote ni za rangi ya dhahabu, zote ni angavu, zote zimefunikwa na povu jeupe. Zote ni laga, yaani bia zilizochachushwa kwa hamira inayofanya kazi kwenye baridi, kisha zikalazwa kwa wiki kadhaa katika ubaridi unaokaribia kuganda mpaka zikatulia na kusafika. Hata kileo hakipishani sana: nyingi huwa kati ya asilimia 4.4 na 5.2.

Tofauti yenyewe iko mdomoni, na jina lake ni uchungu. Wengi huishia hapo: pilsna ni chungu, helesi si chungu sana, basi. Kanuni hiyo inakusaidia mpaka siku utakapoonja pilsna ya Cheki yenye uchungu mwingi kwa vipimo vya maabara, nayo ikapita kooni kwa ulaini kuliko pilsna ya Ujerumani ya kaskazini yenye uchungu mdogo zaidi. Hapo ndipo unapogundua kwamba wingi wa uchungu ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni wakati: uchungu unaingia lini, unaegemea nini ukiwa mdomoni, na unaondoka lini. Anayejua kufuatilia mambo hayo matatu hatahitaji kusoma lebo.

Bia iliyomwagwa barabarani

Habari inaanzia Plzen, mji wa Bohemia ambao leo uko Jamhuri ya Cheki. Mwaka 1838 bia ya mji huo ilikuwa imeharibika kiasi kwamba mapipa 36 yalimwagwa hadharani mbele ya jumba la halmashauri. Raia waliokuwa na haki ya kupika bia walikubaliana kujenga kiwanda kipya cha pamoja, nao wakamwajiri mpika bia kutoka Bavaria aliyeitwa Josef Groll, mzaliwa wa Vilshofen. Walimtaka kwa sababu Wabavaria walikwishazoea kutumia hamira ya baridi, ambayo hutoa bia isiyochachuka ovyo.

Groll alipika bia yake ya kwanza mjini humo tarehe 5 Oktoba 1842. Hamira ilitoka Bavaria, lakini mengine yote yalikuwa ya hapo au ya karibu. Shayiri ilioteshwa ikawa kimea, kisha ikakaushwa kwa hewa ya moto badala ya moshi na miali ya moto, mtindo uliokuwa umeenea Uingereza. Kimea cha namna hiyo hubaki cheupe, na bia yake huwa ya dhahabu badala ya kahawia. Hopsi zilitoka Zatec, eneo ambalo Wajerumani huliita Saaz. Na maji ya Plzen yalikuwa malaini mno, karibu hayana chumvi za madini kabisa.

Maji hayo ndiyo yaliyompa Groll ruhusa ya kutia hopsi nyingi. Pale maji yanapokuwa na bikabonati nyingi, uchungu wa hopsi hutoka ukiwa mkali na wa kukwaruza koo. Katika maji malaini uchungu uleule hutoka ukiwa safi na wa mviringo, unaojaza mdomo bila kuuma. Kwa hiyo pilsna ya kwanza duniani ilikuwa bia chungu sana ambayo watu hawakuiona kuwa kali, na mpaka leo hiyo ndiyo alama ya pilsna ya Kicheki.

Munich, upande wa kusini-magharibi, ilikuwa na tatizo lililo kinyume. Maji yake yamejaa bikabonati. Kwa karne nyingi wapika bia wa huko walilimaliza tatizo hilo bila kujua kemia yake, kwa kutumia kimea kilichokaushwa mpaka kikawa cha kahawia. Kimea cha aina hiyo kina asidi kidogo, nayo hupoza nguvu za bikabonati. Ndiyo maana Munich ilijulikana kwa bia nyeusi.

Lakini wateja walianza kuipenda bia ya dhahabu ya Bohemia, na viwanda vya Munich vikaona soko linaponyoka. Baadhi ya wenye viwanda walikataa katakata kuiga. Kiwanda cha Spaten, cha ukoo wa Sedlmayr, kikaamua kujaribu. Tarehe 21 Machi 1894 kilipeleka pipa la bia yake mpya ya dhahabu huko Hamburg, mbali na nyumbani, ili kuona watu watasemaje. Mwaka uliofuata bia hiyo ikaanza kuuzwa Munich kwenyewe, na ndiyo iliyoitwa helesi. Wapika bia wa Munich walikuwa wamekwishajifunza kuondoa bikabonati kwenye maji kabla ya kupika, kwa hiyo kimea cheupe hakikuwasumbua tena. Hata hivyo hawakutaka bia chungu ya Plzen. Walitaka bia yenye rangi hiyo, lakini ambayo ladha ya nafaka ingeshika usukani, na ambayo mtu angeweza kunywa lita moja nzima kwenye bustani ya bia kisha akaitisha nyingine.

Kwa maneno mengine, helesi ilizaliwa kama jibu kwa pilsna. Rangi ikakubaliwa, uchungu ukapunguzwa.

Hopsi za kiungwana ni zipi

Hopsi ni maua ya mmea unaotambaa juu ya nyaya ndefu, mmea wa nchi zenye siku ndefu za kiangazi na baridi ya kipupwe. Ndiyo maana viwanda vya Afrika Mashariki huagiza hopsi kutoka nje. Ua la kike lina chembechembe za unga wa manjano unaonata, na humo ndimo mnamokaa mambo mawili yanayomhusu mnywaji: asidi za alfa, zinazoleta uchungu, na mafuta, yanayoleta harufu.

Zipo aina nyingi za hopsi, na nyingi za siku hizi zimezalishwa kwa makusudi ili ziwe na asidi za alfa asilimia 12, 15 au hata zaidi. Lakini zipo nne za zamani ambazo wapika bia wa Ulaya ya kati huziita hopsi za kiungwana: Saaz ya Cheki, na tatu za Ujerumani, ambazo ni Hallertau Mittelfrüh, Tettnang na Spalt. Kila moja imepewa jina la eneo lake. Asidi zao za alfa ni chache, kwa kawaida asilimia 3 hadi 5, na harufu yake si ya maembe wala ya machungwa kama hopsi nyingi za Marekani. Ni harufu ya maua, ya majani makavu, ya viungo vikavu kama pilipili manga. Saaz, Tettnang na Spalt zina mafuta yanayoitwa farnesini, ambayo katika Hallertau karibu hayapo. Pua iliyozoea huitambua Saaz kwa harufu yake ya udongo na viungo, na Hallertau kwa harufu ya maua iliyo laini zaidi.

Kwa kuwa uchungu wake ni mdogo, mpika bia hulazimika kutia kilo nyingi ili afike anapotaka. Kwa mwenye kiwanda hiyo ni gharama, lakini kwa mnywaji ni faida, kwa sababu wingi huo huleta pamoja na uchungu harufu na ladha nyingine zinazoujaza. Uchungu wa bia iliyopikwa kwa hopsi hizi mara nyingi husifiwa kuwa safi: unaingia, unafanya kazi yake, unaondoka bila kuacha mkwaruzo.

Sufuria mbili za lita 20

Ili tuone uchungu unavyopangwa, tuchukue wapika bia wawili, kila mmoja na sufuria ya lita 20. Wote wametumia kimea cheupe, wamekiloweka katika maji ya moto na kukichuja, wakapata maji matamu yenye karibu gramu 12 za vitu vilivyoyeyuka, hasa sukari, kwa kila gramu 100. Wote wana hopsi za Hallertau zenye asidi za alfa asilimia 4. Mmoja anataka helesi, mwingine anataka pilsna ya Kijerumani.

Asidi za alfa zenyewe haziyeyuki vizuri wala hazina uchungu mwingi. Ni lazima zichemshwe. Katika mchemko wa saa moja umbo lake hubadilika kidogo, zikawa asidi za iso-alfa, na hizo ndizo zinazobaki ndani ya bia na kuugusa ulimi. Si zote zinazofika salama; nyingine hubaki kwenye makapi, nyingine huondoka na povu na hamira. Tuseme robo tu ndiyo inayofika.

Mpika helesi anatia gramu 36 mwanzo wa mchemko. Asilimia 4 ya gramu 36 ni miligramu 1,440 za asidi za alfa. Robo yake ni miligramu 360. Zigawe kwa lita 20, unapata miligramu 18 kwa kila lita. Kipimo hicho, miligramu moja ya uchungu katika lita moja, ndicho kinachoandikwa IBU kwenye lebo za bia. Helesi yetu basi ina IBU 18, katikati kabisa ya eneo lake, kwa kuwa helesi nyingi huwa kati ya 16 na 22.

Mpika pilsna anatia gramu 60 mwanzoni, anapata 30 kwa hesabu ileile. Kisha, zikisalia dakika 10, anaongeza gramu 30 nyingine. Muda umekuwa mfupi, kwa hiyo ni asilimia kama 9 tu ya asidi hizo inayobadilika, na uchungu unaongezeka kwa 5 tu. Lakini mafuta ya hopsi hizo za mwisho hayakupata nafasi ya kuruka yote na mvuke, na hiyo ndiyo sababu ya kuzitia. Bia yake ina IBU 35, karibu mara mbili ya helesi, na juu ya hapo ina harufu ya maua ambayo mwenzake hana au anayo kwa mbali tu.

Hapo kuna jambo la kukumbuka unapoonja. Harufu ya hopsi na uchungu wa hopsi ni vitu viwili. Bia inaweza kunukia sana isiwe chungu, na inaweza kuwa chungu isinukie. Katika pilsna nzuri vyote viwili huwapo. Katika helesi nzuri vyote viwili hujificha nyuma ya kimea.

Kwa nini 40 yaweza kuwa laini kuliko 35

Sasa tuongeze glasi ya tatu, pilsna ya Kicheki. Uchungu wake mara nyingi hufika 35 mpaka 40, yaani sawa na wa Kijerumani au zaidi. Ukinywa, unaweza kuapa kwamba ni mdogo. Sababu ni mbili.

Ya kwanza ni sukari iliyobaki. Mpika bia wa Kijerumani huacha hamira ile karibu sukari yote inayolika, mpaka zile gramu 12 za mwanzo zibaki kipimo cha 2 hivi. Mcheki husimama mapema, mara nyingi karibu na 4. Ndiyo maana pilsna ya Plzen ina kileo cha asilimia 4.4 tu, wakati pilsna nyingi za Kijerumani hukaribia 5 ingawa zimeanza na utamu uleule. Mcheki pia hufuata upishi wa kizamani: huchota sehemu ya uji wa kimea, huuchemsha pembeni, kisha huurudisha kwenye sufuria kubwa, na anaweza kurudia hivyo mara tatu. Upishi huo huongeza ladha ya mkate na unene mdomoni. Uchungu wa bia hiyo una mahali pa kuegemea.

Sababu ya pili ni chumvi za maji. Salfeti huufanya uchungu uonekane mkavu na mrefu. Kloraidi huukuza utamu na unene wa kimea. Maji ya Plzen hayana nyingi ya moja wala nyingine. Pilsna nyingi za Ujerumani, hasa za kaskazini, hupikwa kwa maji yenye salfeti kiasi, na pamoja na ukavu wa bia yenyewe matokeo yake ni uchungu unaosimama peke yake. Bia ya Jever, kutoka mji mdogo wa Frisia karibu na Bahari ya Kaskazini, ndiyo mfano unaotajwa zaidi: kavu, na uchungu wake haukubali kuondoka.

Na helesi je? Wengi huiita tamu, lakini vipimo havikubaliani nao. Helesi iliyopikwa vizuri huchachuka karibu sawasawa na pilsna ya Kijerumani, na sukari iliyobaki ndani yake si nyingi. Kinachoonekana kuwa utamu ni harufu ya kimea, ya ukoko wa mkate mweupe, isiyo na uchungu mkubwa wa kuifunika. Helesi inayonata midomoni imekosewa.

Namna ya kuonja

Ukipata nafasi ya kuziweka bia hizi mezani pamoja, anza na ubaridi. Bia iliyotoka kwenye friji la baa ikiwa karibu kuganda haina harufu, na hewa yake inauchoma ulimi mpaka huwezi kujua kipi ni uchungu na kipi ni mchomo wa mapovu. Iache ifike nyuzi 7 au 8 za Selsiasi. Tumia glasi safi iliyosuuzwa sabuni yote, na umimine kwa kishindo kidogo ili povu lipande na hewa ya ziada itoke.

Anza na helesi, kisha pilsna ya Kicheki, umalizie na ya Kijerumani. Mpangilio huu una sababu. Uchungu hulimbikizana mdomoni. Kila funda huongeza juu ya lililotangulia. Ukianza na pilsna kavu, helesi itakayofuata itaonekana maji matupu, na utakuwa umeionea. Katikati kunywa maji na utafune kipande cha mkate usio na siagi. Kachori, bizari na pilipili zisubiri, kwani zikiingia ulimi hautakuambia kitu.

Nusa kwanza. Kisha piga funda la kutosha kufunika ulimi wote, lizungushe kidogo, na ulimeze. Usiteme, maana uchungu wa bia husikika zaidi nyuma ya ulimi wakati wa kumeza. Ukishameza, fumba mdomo, pumua kwa pua, na uhesabu polepole kutoka moja mpaka kumi.

Katika helesi, kimea huingia kwanza na kukaa. Uchungu hutokea baada ya kumeza, kiasi tu cha kuusafisha mdomo, na kabla hujafika tano unakuwa umepungua. Kinachobaki ni nafaka. Katika pilsna ya Kicheki, kimea na uchungu huingia kwa pamoja. Uchungu ni mkubwa na hudumu, lakini kila unapoutafuta unaukuta umefuatana na ladha ya mkate, na harufu ya viungo ya Saaz hurudi puani unapopumua. Katika pilsna ya Kijerumani, mwanzo ni mwembamba na safi. Kimea hutangulia kidogo kisha huondoka mapema, na baada ya kumeza uchungu ndio kwanza unapanda. Ukifika kumi bado upo, mkavu, na mdomo unataka funda jingine.

Kwa hiyo swali la kwanza kujiuliza ni: nikifika kumi, nani amebaki mdomoni? Akibaki kimea peke yake, unayo helesi. Wakibaki wote wawili, unayo ya Kicheki. Ukibaki uchungu peke yake, unayo ya Kijerumani.

Ukitaka kujua kama kweli umejifunza, mwombe mwenzako akumiminie glasi tatu bila wewe kuona, mbili za bia moja na ya tatu ya bia nyingine, nawe utafute iliyo tofauti. Kubahatisha ni rahisi, kwa sababu hata asiyejua chochote atapatia mara moja katika kila tatu. Rudia mara kadhaa ndipo uamini. Na msigombane mkitofautiana: watu hawakuzaliwa na uwezo sawa wa kuhisi uchungu, na kilicho kikali kwa mmoja kinaweza kuwa cha kawaida kwa jirani yake.

Mambo yanayojifanya uchungu

Kosa la kawaida kabisa ni kuchanganya uchungu na ukakasi. Uchungu ni ladha, lakini ukakasi ni hisia ya ngozi ya mdomo kukauka na kukunjamana, kama unapotafuna bibo ambalo halijaiva. Ukihisi meno na mashavu yamekauka, kosa linaweza kuwa la maganda ya shayiri yaliyosuuzwa kwa maji ya moto kupita kiasi au yenye bikabonati nyingi. Sukutua kwa maji: uchungu wa hopsi hupungua taratibu, ukakasi hung'ang'ania kwenye fizi.

Kosa la pili ni la mwanga. Asidi za iso-alfa zikipigwa na jua huvunjika na kuzaa harufu kali ya salfa, ambayo pua huinasa hata ikiwa chembe chache mno. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Ya kijani huzuia kidogo sana, na isiyo na rangi haizuii karibu kitu. Pilsna, yenye hopsi nyingi, ndiyo huumia zaidi. Wapo wanaodhani harufu hiyo ndiyo harufu halisi ya pilsna, kwa sababu kila waliyoionja ilitoka kwenye chupa ya kijani iliyokaa dirishani.

La tatu ni uzee na joto. Pilsna inayofika Dar es Salaam au Mombasa kwa meli imekaa miezi, na huenda kontena lilisimama juani bandarini. Harufu ya hopsi hutoweka kwanza, uchungu nao hufifia na kupoteza usafi wake, na mahali pake huingia harufu ya karatasi au boksi lililolowa. Bia ya namna hiyo unaweza kuidhania helesi iliyoharibika. Kabla ya kuhukumu, tafuta tarehe kwenye chupa. Bia hizi hazizeeki vizuri. Iliyo mpya ndiyo bora.

Ziko pia dosari ambazo si uchungu lakini huuficha. Harufu ya mahindi ya kuchemsha, katika bia iliyopikwa kwa kimea cheupe, mara nyingi ni dalili kwamba mchemko haukuwa na nguvu au bia ilipoozwa polepole mno. Harufu ya siagi ni dalili ya hamira iliyoondolewa kabla haijamaliza kusafisha bia. Wacheki huivumilia kidogo katika bia zao. Katika helesi na pilsna ya Kijerumani ni kosa.

Jina kwenye chupa za kwetu

Msomaji wa Kenya au Tanzania analijua neno Pilsner kwa sababu limeandikwa kwenye chupa yenye picha ya simba. Hapo ni jina la bidhaa, na jina halitoi ahadi ya IBU. Laga nyingi zinazopikwa Afrika Mashariki huchanganya shayiri na nafaka nyingine au sukari, na hopsi hutiwa kwa mkono mwepesi, ili bia iwe nyepesi na yenye kuburudisha kwenye joto. Ni ukoo uleule ulioanzia Plzen, lakini uchungu umepunguzwa hata chini ya ule wa helesi, na kimea chenyewe ni chembamba. Kwa hiyo mtu aliyezoea laga za nyumbani akionja helesi ya Munich kwa mara ya kwanza hataiona tupu, ataiona imejaa nafaka. Akionja pilsna ya kaskazini ya Ujerumani, huenda akakunja uso.

Hakuna iliyo bora kati ya hizo mbili. Ukiwa na samaki wa kukaanga au nyama choma yenye mafuta, pilsna kavu itakata mafuta na kukusafisha mdomo. Ukiwa na kuku wa kuchemsha, mkate na jibini laini, helesi itakaa na chakula bila kukifunika. Unapokuwa kaunta usimuulize mhudumu ipi ni chungu zaidi. Muulize ipi imeingia karibuni, chukua hiyo, na uhesabu mpaka kumi.